Bei ya siku ya dereva mwongoza watalii: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya yameandikwa kwa ajili ya dereva mwongoza watalii anayetumia gari lake mwenyewe na kukodiwa na familia au kikundi kidogo kwa siku kadhaa mfululizo. Kwa kuwa bei hutofautiana kutoka nchi hadi nchi, hesabu zote hapa zimewekwa kwa yuniti, na yuniti 1 ni bei ya lita moja ya mafuta mahali unapofanyia kazi. Ukitaka kuona kiasi kwa fedha unayoitumia, zidisha kila tarakimu kwa bei hiyo. Tarakimu za gharama ni za mfano, na kila mmoja aweke za gari lake.

Bei ya siku ibebe nini, na nini kikae nje yake?

Baada ya miaka kadhaa ya kujaribu njia mbalimbali, nimebaki na mgawanyo mmoja. Ndani ya bei ya siku huingia gari, bima yake, matengenezo, ujira wangu na mafuta hadi kikomo cha kilomita kilichoandikwa. Gharama yangu ya kulala huandikwa kwenye mstari wake na kuhesabiwa kwa usiku, kwa sababu idadi ya usiku hailingani na idadi ya siku. Viingilio vya hifadhi navyo huwa na mstari wao na hulipwa kama vilivyo, kwa kuwa vinategemea idadi ya wageni, umri wao na uraia wao, mambo ambayo hayabadilishi chochote katika gharama ya kuendesha gari.

Wapo wenzetu wanaoacha mafuta nje, mgeni akajaza tangi mwenyewe njiani. Njia hiyo inaonekana salama, lakini humfanya mgeni ahesabu kila kona, na kila unaposimamisha gari injini ikiwa inaunguruma ili simba asishtuke, yeye anaangalia mshale wa mafuta badala ya simba. Kuna pia wanaoingiza kila kitu katika bei moja, viingilio vikiwemo. Hao huumia siku mgeni anapomwongeza binamu yake dakika za mwisho.

Bima, ukaguzi na uchakavu wa gari vinaingiaje katika siku moja?

Vinaingia kwa kugawanya gharama ya mwaka mzima kwa siku unazouza, si kwa siku za kalenda. Hapa ndipo bei nyingi huharibika kabla hata mafuta hayajatajwa.

Chukua gari ambalo bima yake kwa mwaka ni yuniti 1,200, leseni na ukaguzi ni 400, maegesho na simu ya kazi ni 500, na uchakavu, yaani thamani ambayo gari hupoteza kwa mwaka, ni 4,500. Jumla ni 6,600. Ukigawanya kwa 365 unapata 18 kwa siku, na bei yako itapendeza sana machoni pa mgeni. Lakini kama kitabu chako cha mwaka uliopita kinaonyesha kwamba gari lilifanya kazi siku 110 tu, gharama ya kweli ni 60 kwa kila siku ya kazi, kwa sababu siku 110 ndizo zinazolipia siku 255 ambazo gari lilikaa chini ya mti. Tumia siku ulizouza kweli mwaka uliopita. Siku unazotarajia kuuza mwaka huu ziache kwanza, maana matumaini hayalipi bima.

Tairi, servisi na vipuri havimo katika jumla hiyo, kwa sababu vinakwenda kwa kilomita. Kusanya risiti za mwaka za vitu hivyo na uzigawanye kwa kilomita zilizotembewa. Katika mfano wetu zinatoa yuniti 0.10 kwa kilomita.

Nitajuaje gari langu linakula mafuta kiasi gani?

Pima mara mbili, moja kwenye lami na nyingine hifadhini, wala usizichanganye. Jaza tangi hadi pampu ijikate yenyewe kwa mara ya kwanza, andika namba ya odomita, fanya safari ya kilomita mia tatu au zaidi, kisha rudi kwenye pampu ileile, gari likiwa limesimama mahali palepale, na ujaze tena hadi pampu ijikate. Lita ulizoongeza, ukizigawanya kwa kilomita ulizotembea na kuzidisha kwa 100, ndizo ulaji wa gari. Lita 54 kwa kilomita 450 ni lita 12 kwa kila kilomita 100.

Kipimo cha hifadhini hushangaza wengi. Gari hilohilo, likizunguka kwenye njia za vumbi, linaweza kutumia lita 45 kwa kilomita 250, yaani 18 kwa kila 100. Sababu zinaonekana ukikaa kwenye usukani: unatembea gia ya pili na ya tatu, unapita kwenye mchanga au tope na kuwasha tairi zote nne, kisha unasimama dakika arobaini mbele ya chui aliyelala. Injini ya dizeli ya gari kubwa ikiwa kwenye silensa huku kiyoyozi kikifanya kazi inaweza kutumia lita nzima kwa saa bila odomita kusogea hata hatua moja. Siku ya hifadhini inaweza kuwa na kilomita chache kuliko siku ya barabarani na bado ikanywa mafuta mengi kuliko ulivyodhani.

Rudia kipimo kila unapobadilisha saizi ya tairi. Tairi kubwa hufanya odomita isome kilomita chache kuliko ulizotembea, na hesabu yako ya zamani haitalingana tena na umbali wa kwenye ramani.

Naomba mfano kamili, kuanzia gereji hadi gereji.

Wageni wawili wanataka siku nne na usiku tatu. Siku ya kwanza unatoka nyumbani kilomita 20 ukiwa mtupu hadi hotelini kwao, kisha mnasafiri kilomita 260 za lami hadi karibu na lango la hifadhi. Siku ya pili na ya tatu mnazunguka hifadhini, kilomita 110 kila siku. Siku ya nne mnarudi kilomita 260, unawashusha, na unakwenda nyumbani kilomita 20 ukiwa mtupu tena.

Kilomita za lami ni 560, na kwa ulaji wa lita 12 zinahitaji lita 67. Kilomita za hifadhini ni 220, na kwa lita 18 zinahitaji karibu lita 40. Jumla ni 107. Ongeza akiba kidogo kwa ajili ya njia ya mzunguko au daraja lililofungwa, uweke 115. Aliyetumia ulaji wa lami kwa safari nzima angepata lita 94 tu mahali pa 107, na lita 13 za tofauti zingetoka mfukoni mwake bila yeye kujua zimekwenda wapi.

Matengenezo ya kilomita 780 ni yuniti 78. Gharama za mwaka kwa siku nne ni 240. Ujira wako, tuseme 45 kwa siku, ni 180. Ukijumlisha na mafuta unapata 613, na hiyo ndiyo gharama bila faida yoyote. Ukiongeza asilimia 15 inakuwa 705, ambayo ukiigawanya kwa siku nne na kupandisha hadi namba kamili inakupa bei ya siku ya yuniti 177, sawa na 708 kwa safari yote.

Kwenye mstari wa pili unaandika usiku tatu kwa yuniti 25, jumla 75. Bei yako bila viingilio ni 783.

Sasa mrudie yule aliyegawanya kwa 365. Yeye ameweka 72 mahali pa 240, gharama yake kwenye karatasi ni 445, na baada ya kuongeza faida yake ya asilimia 15 anatoa bei ya 512. Amepata kazi, amefurahi, na kila safari ya namna hiyo inamla yuniti 101. Hatagundua hadi siku ya kukata bima au siku injini inapotaka kufunguliwa.

Kilomita tupu kweli zinamhusu mgeni?

Zinamhusu, kwa sababu gari lisingekwenda huko bila yeye. Katika mfano wetu ni 40 tu na zimeyeyuka ndani ya bei. Lakini kama wageni wanashuka mpakani au uwanja wa ndege ulio mbali, na wewe unarudi kilomita 300 peke yako, kilomita hizo ziandikwe waziwazi kama marejeo ya gari, pamoja na ujira wa siku hiyo kama safari ya kurudi inaimaliza siku. Mgeni akiziona kabla ya kukubali, huzielewa, na pengine hubadilisha mpango wake. Akizisikia siku ya mwisho ataziita ujanja.

Kikomo cha kilomita kiwe cha kila siku au cha safari nzima?

Kiwe cha safari nzima. Siku ya kwanza ya mfano ina kilomita 280 na ya pili ina 110, kwa hiyo kikomo cha 200 kwa siku kingekufanya umdai mgeni jioni ya kwanza, wakati wastani wa safari hauzidi 195. Andika kwamba bei inajumuisha kilomita 800 kwa siku nne, zikihesabiwa kwa odomita kutoka gereji hadi gereji. Kilomita ya ziada hifadhini inakugharimu 0.18 ya mafuta na 0.10 ya matengenezo, kwa hiyo 0.35 ni bei yenye haki. Mwonyeshe mgeni odomita asubuhi ya kwanza na umruhusu apige picha.

Bei ya mafuta ikipanda baada ya kukubaliana?

Andika katika nukuu yako bei ya lita uliyoitumia, lita ulizokadiria, na kwamba bei hiyo ikibadilika kwa zaidi ya asilimia 10 kabla ya safari, tofauti italipwa au itarudishwa kwa lita hizo tu. Neno "itarudishwa" lisikutoke mkononi, kwani ndilo linalomfanya mgeni akubali sharti lote.

Kwa lita 115, lita ikipanda kwa asilimia 20, nyongeza ni yuniti 23, ambazo ni kama asilimia 3 ya bei nzima. Nimewahi kusikia dereva akipandisha bei yote kwa asilimia 20 siku ileile pampu zilipopandisha. Wageni wake walikuwa na kikokotoo kama sisi.

Siku ya kazi ina saa ngapi, na kusubiri kunalipwa lini?

Mimi huandika saa kumi, zikianza ninapofika mlangoni kwa wageni na kuisha ninapowashusha. Wengine huhesabu kutoka gereji. Lolote unalochagua liandikwe, kwa sababu maneno "siku nzima" kwako yanaweza kuwa saa kumi na mbili asubuhi hadi saa kumi jioni, na kwa mgeni yakawa hadi baada ya chakula cha usiku.

Kusubiri kulikomo ndani ya saa hizo hakudaiwi. Wageni wakipanda mlima mdogo kwa saa nne huku wewe umekaa kivulini, siku wameshainunua, na hata mafuta wamekuokolea. Wanaodai malipo ya kusubiri hapo huwa wanauza saa moja mara mbili.

Saa zinazozidi kumi ndizo zenye bei yake. Ujira wa 45 kwa saa kumi ni 4.5 kwa saa. Ukiuhesabu mara moja na nusu kwa sababu ya uchovu unapata karibu 7, na ukiongeza injini inayobaki ikiwaka unafika 8 kwa saa. Weka pia mwisho usiopita, kwa mfano saa mbili za ziada kwa siku, hata kama mgeni yuko tayari kulipa zaidi. Dereva aliyeanza alfajiri na bado yuko usukani usiku ni hatari, na mahali pengi sheria ina ukomo wake wa saa za kuendesha.

Na ndege ikichelewa?

Hesabu kusubiri kuanzia wakati ndege ilipotua kweli, si wakati ulioandikwa kwenye tiketi, na utoe muda wa bure wa dakika 90 kwa ndege ya kimataifa, kwani paspoti na mizigo huchukua muda. Fuatilia ndege kabla ya kutoka nyumbani. Ukijua mapema kwamba imechelewa saa tano, kaa nyumbani na usimdai mtu. Ukiwa umeshafika uwanjani ndipo taarifa ikabadilika, muda unaopita zile dakika 90 baada ya saa ya awali ya kutua unadaiwa kama saa za ziada, na jambo hilo liwe limeandikwa.

Wageni wanakwenda kisiwani siku kadhaa katikati ya safari. Nisubiri au nirudi nyumbani?

Hili halina jibu moja, ila lina hesabu. Siku ya kusubiri haina mafuta wala matengenezo, lakini gari haliwezi kuuzwa kwa mtu mwingine na wewe uko kazini. Ni 60 za gari na 45 za ujira, ambazo pamoja na faida zinafika 121, na 25 za usiku. Kila siku ya kusubiri ni 146.

Kurudi nyumbani umbali wa kilomita 280 na kuwafuata tena kunahitaji siku mbili za barabarani bila wageni. Siku hizo ni mara mbili 121, yaani 242, na kilomita 560 kwa 0.22 za mafuta ya lami na matengenezo, pamoja na faida, ni 142. Jumla ni 384.

Siku mbili za kusubiri ni 292, kwa hiyo kubaki ni nafuu. Siku tatu ni 438, na hapo kurudi kunamfaa mgeni, tena siku ya katikati ni yako kuiuza ukipata mteja. Kwa umbali huu mpaka ni siku ya tatu. Umbali ukipungua hadi kilomita mia moja, kwenda na kurudi kunaisha kwa saa chache na hesabu inageuka kabisa. Mtumie mgeni tarakimu zote mbili, achague mwenyewe.

Viingilio vya hifadhi niviweke vipi?

Viweke kama vilivyo katika orodha rasmi ya hifadhi husika, kwa tarehe ya kuingia, bila kuongeza chochote, na risiti zikabidhiwe kwa mgeni. Kuficha faida humo ni jambo linalogundulika kwa urahisi kuliko mengine yote, kwani orodha hiyo hubandikwa getini, na mgeni huisoma akiwa amekaa pembeni yako.

Kabla ya kuandika tarakimu, uliza mambo machache. Je, ada ni ya siku ya kalenda au ya saa 24? Je, ni ya kuingia mara moja, kiasi kwamba mkitoka kula mchana nje ya lango mnalipa tena? Gari linalipiwa kwa uzito au kwa nchi liliposajiliwa? Wewe mwenyewe unalipa kila unapoingia, au una leseni ya mwaka? Leseni ya mwaka ihamie kwenye gharama za mwaka, na ada ya kila unapoingia ibaki kwenye mstari wa viingilio. Uliza pia kama bei iliyoandikwa tayari ina kodi ya ongezeko la thamani. Halafu omba umri na uraia wa kila mgeni, ukithibitisha kwa picha ya paspoti, maana mtoto anayetimiza umri wa mtu mzima wiki moja kabla ya safari hubadilisha jumla.

Tuseme katika mfano wetu kibali ni yuniti 60 kwa mgeni kwa saa 24, na gari 20. Wageni wawili kwa vibali viwili ni 240, gari 40, jumla 280. Ukilipa kwa kadi na muamala ukakatwa asilimia 3, ni yuniti 8.4, karibu asilimia 9 ya faida yako yote katika safari hii. Usiimeze. Iandike kwa jina lake, gharama ya muamala, au mwombe mgeni alipe mwenyewe moja kwa moja pale mfumo unaporuhusu.

Fedha ya viingilio inapita tu mikononi mwako, lakini risiti ikitoka kwa jina lako inaweza kuhesabiwa kama mapato yako. Mwulize mhasibu mara moja kabla ya msimu, na pale inapowezekana risiti itolewe kwa jina la mgeni.

Muda wa kibali ukiisha tukiwa bado ndani, nani analipa?

Hapa nina kovu. Tuliingia saa nane mchana kwa vibali viwili vya saa 24, kwa hiyo tulitakiwa kuwa nje saa nane mchana siku ya tatu. Saa saba tulikuwa kilomita 25 kutoka langoni, muda wa kutosha, tairi ya nyuma ikapata pancha kwenye mawe. Nilipotoa tairi ya akiba nikaikuta haina upepo wa kutosha. Tulifika langoni saa tisa na nusu, na mlinzi, kwa upole kabisa, akaandika kibali kingine kwa kila mgeni na kwa gari. Nililipa mimi, na ilistahili, kwa sababu tairi ya akiba ni jukumu langu.

Tangu hapo nukuu yangu ina sentensi mbili. Kuchelewa kunakotokana na gari au na mimi, ada ya ziada ni yangu. Kuchelewa kunakotokana na wageni, mfano wakiomba kubaki na tembo baada ya mimi kuwatajia saa, ada ni yao. Nikiwatajia saa huwa naitaja mbele ya wote na kuiandika kwenye simu. Hali ya tatu, mafuriko au njia iliyofungwa na hifadhi yenyewe, hupelekwa langoni kwanza, kwani mara nyingine huweza kusamehewa.

Gharama ya kulala inahesabiwaje?

Hesabu usiku ambao hutalala kwako, wala usidhani ni siku ukitoa moja. Wageni wakitaka kuchukuliwa saa kumi na moja alfajiri mahali palipo kilomita 100 kutoka kwako, kuna usiku kabla ya siku ya kwanza. Ukiwashusha uwanja wa ndege saa nne usiku mbali na nyumbani, kuna usiku baada ya siku ya mwisho. Usiku hizo mbili ndizo husahaulika kila mara.

Kiasi cha 25 katika mfano kinabeba kitanda, mlo wa jioni na maegesho yenye ulinzi. Kabla ya kukitumia, piga simu kila loji iliyo kwenye ratiba uulize kama ina vyumba vya madereva, ni bei gani, na kama chakula kimo. Baadhi hutoa kitanda bure, nyingine hutoza, na chache zilizo ndani kabisa ya hifadhi hazina nafasi, ukalazimika kutoka na kulala nje ya lango. Hapo unaongeza kilomita za jioni na za asubuhi, na huenda kibali cha gari kikaathirika. Kwa usiku kama huo andika gharama halisi badala ya kiwango cha kawaida.

Bahshishi imo?

Haimo, na haitajwi kama sehemu ya ujira. Ukiiweka kwenye hesabu yako, utakuwa umeuza siku zako kwa bei ambayo mtu mwingine ana hiari ya kutoilipa.

Malipo ya awali yawe kiasi gani?

Angalau yafikie vile visivyorudishwa. Viingilio vinavyolipwa kabla ya kuingia, na loji inayotaka fedha mapema, ni deni lako tangu unapothibitisha. Katika mfano, viingilio 280 pamoja na robo ya 783 ni karibu 476. Chini ya hapo unamkopesha mgeni usiyemjua.

Mgeni anataka punguzo. Nikate wapi?

Kata kazi, usikate gharama. Ukipunguza siku moja ya hifadhini unaondoa mafuta, ujira, usiku na vibali kwa pamoja, na mgeni anaona kilichoondoka. Kinachoweza kupunguzwa bila kubadilisha ratiba ni faida tu, ambayo katika mfano ni yuniti 95. Kwa hiyo punguzo la asilimia 10 la bei nzima, yuniti 78, linakuachia 17 kwa siku nne, ambazo tairi moja iliyopasuka inazimaliza. Kipindi ambacho gari lingekaa bila kazi unaweza kukubali hata chini ya 613, ilimradi mafuta, matengenezo, ujira na usiku vimerudi na kitu kidogo kinaingia kwenye bima. Msimu wa kazi nyingi usikubali.

Nukuu yenyewe iandikwe vipi?

Fupi, kwa maneno ambayo wote wawili mtaweza kuyasoma siku ya ugomvi. Yangu kwa safari hii ingekuwa hivi:

"Siku 4, usiku 3, wageni 2. Gari na dereva mwongozaji: yuniti 177 kwa siku, jumla 708. Bei inajumuisha mafuta na kilomita 800 kwa safari nzima, gereji hadi gereji. Kilomita ya ziada ni 0.35. Siku ni saa 10 kuanzia kuchukuliwa hadi kushushwa. Saa ya ziada ni 8, zisizidi 2 kwa siku. Malazi na chakula cha dereva: usiku 3 kwa 25, jumla 75. Viingilio vya hifadhi kwa bei rasmi ya tarehe ya kuingia: 280, risiti zitakabidhiwa; gharama ya muamala 8.4 kwa anayelipa kwa kadi. Jumla 1,063 bila muamala. Bei ya lita iliyotumika imeandikwa chini. Ikibadilika kwa zaidi ya asilimia 10, tofauti ya lita 115 italipwa au itarudishwa. Haijumuishi bahshishi, malazi na milo ya wageni. Nukuu hii ni halali kwa siku 21."

Chini ya hayo weka bei ya lita, tarehe na saini, pamoja na zile sentensi mbili za kibali kinachoisha muda. Hifadhi ikitangaza ada mpya ndani ya siku hizo 21, mstari wa viingilio ndio pekee unaobadilika, na huna haja ya kuandika nukuu upya.